Naivasha Tena au Nanyuki

Mimi sirudii mahali. Nilimwambia dada yangu Annah hivyo waziwazi, pale sebuleni kwetu Huruma. Naivasha tumeenda kila Desemba hadi mawe ya pale yananijua kwa jina. Mwaka huu ni Nanyuki, na hakuna wa kunigeuza.

"Wewe Andati umeona picha mbili kwa simu, tayari umepanda mlima," akasema.

Kwetu anayechagua mahali ndiye hupika safari nzima, na lawama zote ni zake. Nikakubali. Mpishi niko.

Mama akaingia kutoka shifti ya usiku kiwandani, akakaa bila kuvua viatu. Likizo anapata mara moja kwa mwaka, na mchana ploti yetu haimwachi alale: fundi wa kuchomea milango chini, watoto kwenye ngazi.

"Huko kupya," akauliza, macho yamefumba, "nitalala?"

"Mama, utalala mpaka tukumwagie maji."

Nikampigia mwenye nyumba ya Nanyuki, sauti juu, ili Annah aaibike. Jiko? Lipo, mnatumia na wageni wengine. Maji moto? Ya sola, jana yake jua likiwaka. Annah akaninong'oneza niulize majirani wa hapo ni nani.

"Ni klabu tu," jamaa akajibu kwa furaha. "Bendi Ijumaa mpaka Jumapili. Hamtaboeka!" Halafu akataka deposti leo leo, na hairudishwi.

Mama akainuka, akatoka.

"Nitafikiria," nikamwambia jamaa. Annah alicheka hadi akashika ukuta.

Nikapanda juu ya paa, eti kuanua nguo, nikampigia Mzee Wahome, mtunzaji wa kule Naivasha.

"Nilikuwa nashangaa mmepotelea wapi," akasema. "Vyumba vya wageni wa kila mwaka nashikilia mpaka wiki hii tu." Akanionya pia: ziwa limepanda. Pale kwenye nyasi Mama alipokuwa akitandika leso sasa ni maji, na chumba chetu cha chini kimefungwa. Kimebaki kidogo cha juu.

"Usiku kunakuwaje?"

"Kimya. Utasikia viboko wakila majani, basi."

Nikaufikiria ule mlima wangu. Nilikuwa nimechoka hata kuutamani.

"Hicho cha juu ni sawa, tushikie. Na mzee, dada yangu akikupigia, mwambie ni yeye aliyekiomba. Sema alipiga jana."

"Nidanganye kwa nini, kijana?"

"Unilindie jina, mzee."

Shuka bichi lililokuwa mbele yangu likasogezwa. Nyuma yake Mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani, akitafuta kausingizi mbali na kelele za fundi.

"Mwambie dada yako ni wewe," akasema. "Halafu uliza kama hicho cha juu kina pazia."

Simu ilikuwa bado sikioni. Mzee Wahome akajibu kabla sijauliza: lipo, tena zito.