Chupa Arobaini na Nane za Asali

Mwanaisha alipotoka benki pale Handeni mjini alikuwa na pochi nyepesi na uso wa mtu aliyekanyaga mwiba mbele za wakwe. Alitegemea kukuta milioni mbili na laki saba. Alikuta milioni moja, laki sita na tisini na nane elfu.

"Huenda zingine zinakuja nyuma," alisema Mhina, mdogo wake, akiwa amekaa kwenye bajaji yake ya kubebea mzigo.

"Hela ni ng'ombe, kwamba zinafuatana?" alijibu Mwanaisha.

Kazi yake ilikuwa asali. Aliichukua Kang'ata kwa wafugaji wa nyuki, akaichuja, akaitia kwenye chupa za nusu kilo na kuipeleka kwenye supamaketi ya Tegemea, matawi mawili, la Handeni na la Korogwe. Wafugaji walimpa asali kwa mdomo mtupu, akiwalipa supamaketi ikilipa. Sasa walimdai milioni mbili na laki nne, na mkubwa wao, mzee Sufiani, alikuwa amesema wazi: Jumamosi hii asipoona hela, asali ya msimu mpya inakwenda kwa mnunuzi wa Moshi aliyekuja na noti mkononi. Mwanaisha bila asali ya Kang'ata alikuwa mama mwenye chupa tupu mia tano na vizibo.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Maelezo yalikuwemo kwenye simu yake muda wote. Siku kumi na mbili zilizopita supamaketi ilimtumia karatasi ya malipo kwa WhatsApp, naye akaipita akidhani ni zile dua ambazo usipozipeleka kwa watu kumi unaambiwa utapata balaa. Hakupeleka kwa mtu, na balaa akaipata. Mhina aliifungua, akasoma kwa sauti ya khatibu:

"Ankara, chupa mia tatu kwa elfu tisa: milioni mbili na laki saba. Toa ada ya kuingiza bidhaa mpya, matawi mawili: laki tatu. Toa punguzo la robo mwaka, asilimia tano ya manunuzi ya milioni tano na laki nne: laki mbili na sabini elfu. Toa marejesho ya bidhaa, chupa arobaini na nane: laki nne na thelathini na mbili elfu."

"Bidhaa mpya ipi? Nyuki wamebadilisha dini?"

"Halafu hapa chini, dada. Mwenye pingamizi alete kwa maandishi, pamoja na vielelezo, ndani ya siku kumi na nne."

Mwanaisha alihesabu kwa vidole. Zilibaki mbili.

Usiku ule alitoa mkataba chini ya godoro, mkataba aliousaini mwaka jana kwa furaha kama cheti cha ndoa, na kwa umakini ule ule. Akavaa miwani, akausoma mara ya kwanza tangu ausaini. Ada ya kuingiza bidhaa: laki na nusu kwa kila tawi, inalipwa mara moja tu kwa kila bidhaa. Hiyo walishaikata kwenye ankara ya mwezi wa saba mwaka jana, naye alikubali. Punguzo la asilimia tano: anakatwa ikiwa manunuzi ya miezi mitatu, baada ya kutoa marejesho, yamefika milioni tano. Marejesho: anakatwa thamani ya kilichorudishwa, isipokuwa ameleta kingine badala yake na kikapokelewa.

Alipofika hapo alizikumbuka chupa zile arobaini na nane.

Mwezi wa tisa kiyoyozi cha tawi la Korogwe kiliigandisha asali kwenye shelfu, na wateja wakaanza kusema imetiwa sukari. Asali safi huganda, kila mtoto wa Kang'ata anajua, unaiweka juani inarudi. Lakini mteja wa supamaketi haendi kukaa juani na chupa. Meneja wa tawi akapiga simu. Na Mwanaisha mwenyewe ndiye aliyemwambia Mhina, "Wapelekee nzima, chukua zilizoganda. Usiwasumbue watu na makaratasi." Ndivyo walivyofanya siku zote Kang'ata: chupa kwa chupa, mkono kwa mkono, mnashukuriana na kuachana.

"Ulisaini kitu?" alimuuliza Mhina alfajiri.

Mhina alijikuna shingo. "Karani alinipa kikaratasi wakati natoka. Nikasaini."

"Na wakati unaingia?"

"Wakati naingia alikuwa anakula maandazi."

Alhamisi asubuhi walikuwa Korogwe, barua ya pingamizi mkononi, imeandikwa kwa kalamu ya bluu na nakala yake, ili ile ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Ofisi ya uhasibu ilikuwa juu ya duka. Janeth, mhasibu, binti wa Lushoto mwenye sauti ya taratibu, alisimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kujua asali yangu imekuwa mpya lini."

Hilo lilikuwa jepesi. Mwanaisha aliweka mezani chupa mbili, moja ya lebo ya zamani yenye picha ya mzinga, nyingine ya lebo ya sasa yenye picha ya ua. Akageuza zote, akaonyesha ile mistari myeusi inayosomwa na mashine. Namba chini yake zilikuwa zile zile, moja baada ya moja. Ujazo ule ule, bei ile ile. Janeth alizisoma mara mbili, akafungua kompyuta, akashusha pumzi.

"Karani wa kuingiza bidhaa aliona lebo nyingine, akaisajili upya. Hii ni yetu, mama. Laki tatu zinarudi."

"Mungu akubariki. Nami nikibadili kitenge usinitoze kiingilio."

Janeth alicheka, kisha akaacha kucheka, akatoa karatasi nyekundu kwenye faili. Hati ya marejesho, tawi la Korogwe, chupa arobaini na nane, sababu: imeganda. Chini, sahihi ya Mhina, kubwa, yenye mkia kama ya waziri.

"Mdogo wako alizitoa, mama. Siwezi kuifuta hii."

"Alizitoa, lakini alileta nyingine arobaini na nane siku ile ile."

"Ziko wapi kwenye hati ya kupokea mzigo?"

Mwanaisha alimtazama Mhina, na Mhina akatazama feni. Barua ya Mwanaisha, aliyoiandika usiku kabla ya kumuuliza Mhina, ilisema kwa herufi kubwa kwamba hakuna chupa iliyorudishwa, na pale mezani kulikuwa na mkono wa nduguye ukisema imerudishwa. Aliona haya ya mtu mzima, ile inayoanzia masikioni.

"Niipate hiyo barua," alisema. Akaichukua, akafuta sentensi ile, akaandika juu yake: zilirudishwa na kubadilishwa. Akasaini pembeni, nakala zote mbili. "Haya. Sasa tuseme ni kweli nilirudishiwa tu, sikuleta nyingine. Manunuzi yangu ya miezi mitatu yanakuwa ngapi?"

Janeth akabonyeza kikokotoo. Milioni tano na laki nne, toa laki nne na thelathini na mbili elfu. Alibaki akiangalia jibu. Milioni nne, laki tisa na sitini na nane elfu.

"Haijafika tano," alisema polepole.

"Haijafika. Basi punguzo mmenikatia la nini? Kama chupa zilirudi, sidaiwi punguzo. Kama nadaiwa punguzo, chupa hazikurudi bure. Mmenila kichwa na mkia, mwanangu, mnibakizie hata mifupa."

Janeth hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Mwanaisha. Mtu mbaya ungemgombeza ukaondoka umepoa.

"Mama, kwa karatasi nilizonazo naweza kufuta punguzo. Laki mbili na sabini zirudi, na zile laki tatu. Marejesho yabaki. Tufunge leo."

Mwanaisha alipiga hesabu kichwani. Angefikisha milioni mbili, laki mbili na sitini na nane elfu. Kang'ata wangekosa laki moja na thelathini na mbili. Ilikuwa karibu, karibu kabisa, na siku ilikuwa imebaki moja ya mkataba na mbili za Sufiani. Mhina alishaanza kutikisa kichwa cha kukubali.

"Hapana," alisema Mwanaisha. "Punguzo nililisaini, nikate. Lakini asali yangu mmeiuza, wala hamkuilipa. Geti lenu la nyuma lina mlinzi?"

Lilikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa mzee Mbwana, aliyehesabu mafungu ya majani ya mkonge kwenye shamba la Ngombezi miaka thelathini kabla ya kuja kukaa getini. Mtu wa namna hiyo hata akilala anahesabu kondoo na kuwaandika. Walishuka wote watatu. Mzee Mbwana aliomba kwanza ruhusa ya Janeth, kwa kuwa daftari ni la kampuni, kisha akalamba kidole na kufunua kurasa.

"Tarehe tisa mwezi wa tisa. Saa nne na dakika ishirini. Bajaji, Mhina. Kuingia: katoni nne za asali, chupa arobaini na nane. Saa tano kasorobo. Kutoka: katoni nne za asali iliyoganda, chupa arobaini na nane."

"Ulifungua katoni, babu?" Janeth aliuliza.

"Binti yangu, mimi fungu la majani thelathini nilikuwa nalifungua kuona kama si ishirini na tisa. Nishindwe na chupa?"

Janeth alipiga picha ukurasa. Waliporudi ofisini juu, akafungua taarifa ya kuhesabu mali ya mwisho wa mwezi. Asali ya nusu kilo, tawi la Korogwe: ziada isiyojulikana, chupa arobaini na nane. Zilikuwa zimekaa pale mwezi mzima, hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Bidhaa ikipungua wanakuja mbio, ikizidi wananyamaza.

Akagonga muhuri kwenye nakala ya barua. Kisha akaandika hati ya kurekebisha makato: ada, laki tatu, marejesho, laki nne na thelathini na mbili, punguzo linabaki. Jumla ya kurudishwa, laki saba na thelathini na mbili elfu.

"Zinaingia lini?"

"Malipo yajayo. Alhamisi ya wiki mbili zijazo."

Mwanaisha alikaa tena kwenye kiti alichokuwa ameshainukia. "Makato hayakusubiri wiki mbili," alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Jumamosi, Kang'ata, alimhesabia mzee Sufiani milioni moja, laki sita na tisini na nane elfu, akaweka juu yake hati yenye muhuri. Ndoo ishirini za asali mpya zilikuwa zimepangwa kivulini ukutani. Gari la mnunuzi wa Moshi lilikuwa limeegeshwa kando, dereva akichokonoa meno.

Sufiani aliisoma hati yote, hata namba ya simu chini. "Nakuamini," alisema. "Lakini wenzangu wana watoto shuleni, na huku hati hailambwi."

"Najua, mzee."

"Ndoo kumi na mbili zako. Nane zinakwenda na gari lile."

Nane zile ndizo zingefikisha oda ya mwezi ujao, na bila kufikisha oda hakuna shelfu linalokungoja. Mwanaisha alijua, Sufiani naye alijua. Alishukuru kwa sauti isiyo na utani. Mhina alianza kupakia, ndoo moja baada ya nyingine, hadi ya kumi na mbili, kisha badala ya kuwasha bajaji akatoa chini ya kiti daftari jipya la hati, lenye karatasi ya kaboni, akamnyooshea mzee kalamu.

"Saini, mzee. Umetoa kumi na mbili, nimepokea kumi na mbili."

Sufiani alimtazama Mwanaisha. "Huyu amekuwa nani tena?"

"Msamehe," alisema Mwanaisha. "Jana kaazima chumvi kwa jirani, kampa risiti."