Mvi za Robi

Robi hakuanza kupaka nywele rangi kwa kujipenda. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane, na mvi zake zilikuwa zimemjaa kichwa kizima mwaka mmoja baada ya mazishi ya mumewe. Aliporudi kijijini Itiryo kumuuguza mama yake, aliyekuwa anapoteza kumbukumbu, yule mzee alimwona mlangoni akajikunyata ukutani.

"Mogesi, usinipige," alisema. "Maji nimeshachota."

Mogesi alikuwa mama mkwe wa huyo mzee, mwanamke mkali mwenye kichwa cheupe, aliyekufa zamani. Robi alijifunga kitambaa, lakini mama alikivuta, akaziona zile mvi, akaanza kulia tena. Kesho yake Robi akanunua dukani pakiti ya unga mweusi kwa elfu mbili, akaukoroga kwa maji, akajipaka. Jioni mama alikula uji wote. "Robi, umerudi lini?" aliuliza.

Ikawa hivyo kila baada ya wiki tano, mizizi ilipoanza kutoka. Mara ya tatu ngozi ya kichwa ikamwasha. Mara ya nne masikio yakavimba, yakatoa majimaji. Robi akaogopa, akapanda bodaboda hadi Tarime mjini, kwenye saluni ya Eunice, ambaye watu walisema ameisomea kazi ya rangi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka unipake nyeusi, wewe fundi. Ya nyumbani inaniunguza."

Eunice akamkagua nyuma ya masikio kabla ya kumjibu. "Mama, kama mwili wako ungekuwa unaikubali ile ya pakiti, ningekuambia ubaki nyumbani. Kufunika mvi kwa nyeusi si kazi ya kumlipa fundi. Ila wewe imeshakukataa, na nyeusi ya kudumu niliyo nayo hapa ina dawa ileile. Nikupake mimi, ujipake wewe, ni yale yale."

"Sasa nifanye nini?"

"Ngozi ipone kwanza. Kisha kuna rangi nyingine, haina dawa hiyo. Nitakugusisha kidogo nyuma ya sikio, tusubiri siku mbili. Ukiwa salama, nakupaka. Haitakuwa nyeusi tii, itakuwa kahawia, na itafifia kila ukiosha. Elfu thelathini na tano."

Robi akapiga hesabu kimyakimya. Elfu thelathini na tano, na nauli elfu nane mara mbili, kwa sababu ya kile kipimo. Hamsini na moja. Pakiti ni elfu mbili. Kwa hela hiyo angejipaka zaidi ya miaka miwili.

"Nitarudi," alisema.

"Mama, pakiti usiiguse tena. Tafadhali."

Hakurudi. Wiki nne baadaye mama alianza kumtazama mizizi kwa wasiwasi na kukataa kula. Robi akavumilia siku mbili, ya tatu akakoroga unga. Alijiambia atauacha kichwani dakika kumi tu, kisha aoshe.

Asubuhi hakuweza kufungua macho. Uso ulikuwa umeumuka kama unga wa maandazi, kifua kinabana. Jirani yake Agness ndiye aliyempeleka hospitali, na Robi akalazwa huko siku tano. Sindano, dawa na usafiri vilimgharimu elfu themanini, na mbuzi mmoja akauzwa. Daktari akamwambia rangi nyeusi asiitie tena kichwani maisha yake yote.

Siku hizo Agness alirudi akakaa na mama. Alimlisha, akamwogesha, akamwimbia. Lakini Robi aliporudi na uso bado umevimba, mama alimkimbilia Agness, akajificha nyuma yake.

Ngozi ilipopona, mwezi mmoja na nusu baadaye, Robi alirudi kwa Eunice. Hakubishana bei. Alipakwa tone nyuma ya sikio, akasubiri siku mbili, akarudi mjini. Eunice alifanya kazi taratibu, na alipomaliza Robi alijitazama kwenye kioo akaona nywele za kahawia laini, ngozi safi, hakuna mwasho.

"Imekaa vizuri," alisema.

"Pole kwa yaliyokupata, mama," Eunice akajibu.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mama alikuwa ameketi mkekani, Agness akimpa viazi. Robi akapiga magoti mbele yake, akavua kitambaa.

Mama alimtazama muda mrefu. Hakulia. Hakuogopa.

"Habari yako," alisema kwa heshima, kama anavyosalimiwa mgeni. "Umetokea wapi?"

"Ni mimi, mama. Robi."

"Robi hayupo," mama alisema. "Alikwenda mjini." Kisha akamgeukia Agness na kufungua kinywa akisubiri kiazi.

Agness akainamisha uso, akampa Robi sahani. Robi akamega, akapuliza, akamnyooshea mkono. Mama alisita kidogo, halafu akala.