Mstari wa Dobi wa Mtoni

Mimi ni mtu wa hasira na sina haja ya kulificha hilo. Wenzangu ofisini huniambia, "Khairat, hasira hasara," nami huwajibu kwamba hasara huja hata kwa wanaocheka.

Nafanya kazi Shangani, katika ofisi ya manunuzi ya kampuni yenye hoteli. Kampuni inaomba mkopo, na benki imetaka faili la uhakiki wa kila anayetuuzia bidhaa au huduma: wakurugenzi wake ni nani, namba ya usajili wa kampuni, namba ya mlipakodi, na akaunti anayolipiwa. Hayo yote yamo katika fomu ambazo wasambazaji hutujazia wanapoanza kazi nasi, kisha huzijaza upya kila mwaka na kuambatisha vielelezo. Programu ya kompyuta huzisoma karatasi zilizopigwa skani na kujaza jedwali, mstari mmoja kwa kila msambazaji. Mimi hufungua karatasi zenyewe nione kama kilichomo kwenye jedwali kimetoka kweli humo, na ukurasa gani. Karatasi mbili zikigombana, si kazi yangu kuzipatanisha. Naandika zote mbili na kuweka alama nyekundu.

Mstari wa dobi wa Mtoni, kampuni inayotufulia shuka, ulijaa bila pengo. Wakurugenzi wawili, Mwatima Yussuf Haji na Thuwaini Masoud Talib. Namba ya usajili ipo, ya mlipakodi ipo, ya akaunti ipo. Bwana Wakil, mkuu wetu, aliinama nyuma ya kiti changu akautazama.

"Huu ushakwisha," akasema. "Endelea na mwengine."

Sikuendelea. Nilifungua karatasi. Namba ya usajili ilikuwa ileile kwenye fomu na kwenye taarifa ya msajili wa makampuni, na ya mlipakodi vilevile. Majina ya wakurugenzi programu iliyatoa kwenye fomu, aliyoijaza Bi Mwatima kwa mkono wake. Lakini akaunti iliitoa kwenye barua ya benki iliyoambatishwa nyuma, wala siyo ile aliyoiandika Bi Mwatima. Hiyo ya kwenye barua ilikuwa mpya, kwa jina la kampuni, na mwenye saini alikuwa Thuwaini peke yake. Nikafungua taarifa ya msajili. Mkurugenzi mmoja tu: Thuwaini. Programu ilikuwa imedokoa huku na kudokoa kule, ikapika mstari mzuri usiofanana na karatasi yoyote.

Nilimfuata Bwana Wakil nikamweleza. Wala hakuinua macho kwenye simu yake.

"Familia moja hao. Thuwaini ni shemegi yake. Chukua la msajili, la fomu lifute, faili litoke safi. Benki haipendi manyekundu."

"Na malipo?"

"Yatakwenda akaunti mpya. Si ya kampuni ileile?"

Damu ilinipanda. Dobi hiyo aliianzisha Bi Mwatima na mumewe, marehemu Mansour, kwa mashine moja na kamba za kuanikia. Mansour alipofariki mwaka jana, ofisi nzima tulikwenda mazikoni, na Bwana Wakil huyuhuyu alishika jeneza. Tangu hapo kila shuka inayolaliwa na mgeni katika hoteli zetu inapita mikononi mwa mama yule na wanawake anaowaajiri. Leo jina lake lifutwe ili jedwali lipendeze!

Nilirudi mezani, nikatafuta namba ya simu katika faili la zamani. Akaunti inapobadilika, hupigi namba iliyokuja na karatasi mpya, maana anayekudanganya ndiye atakayeipokea. Nilipiga ile ya zamani. Alipokea Bi Mwatima, na nyuma yake mashine zinanguruma.

"Shikamoo Bi Mwatima."

"Marahaba mwanangu. Shuka zimepungua?"

"Hazijapungua. Mmebadilisha akaunti?"

"Nakuja," akasema, akakata simu.

Alifika mchana, buibui limemganda kwa jasho la ngazi. Nilimwekea mbele taarifa ya msajili. Aliisoma taratibu, akarudi juu, akaisoma tena. Kidole chake kikasimama kwenye tarehe jina lake lilipoondolewa.

"Tarehe hii n'likuwa eda."

Mjane akikaa eda, miezi minne na siku kumi, hazururi maofisini. Karatasi humpelekea jamaa, na jamaa huyo ni nani kama si kaka wa marehemu?

"Alikuwa akija jioni na bahasha," alisema Bi Mwatima. "Ananambia, shemegi, weka saini hapa, tuzitoe haki za marehemu benki. Mie n'nalia, n'naweka saini. Na hii fomu yenu n'loijaza juzi, n'limpa yeye aambatishe vielelezo, avilete. Kama alivyokuwa akifanya marehemu."

Kwa hiyo Thuwaini fomu hakuigusa, aliiambatishia barua yake tu. Alijua ofisi hulipa kwa barua ya benki, na aliyeandikwa kwenye fomu na afurahi na jina lake. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alivaliwa msibani! Nilitaka kuvunja kitu.

Bwana Wakil alikuwa ameshampigia Thuwaini, kwa kuwa haukupita muda akaingia, kanzu imepigwa pasi, ananukia udi, salamu nyingi. Alipomwona shemegi yake alisita, kisha akavuta kiti.

"Haya mambo ya nyumbani," alisema. "Mama huyu n'limstiri tu. Mwanamke mfiwa, aanze kuhangaika na wadai na maofisi? Msiiweke hiyo alama, faili lenu lende. Mie n'tamrudisha kwenye usajili, polepole, bila ya watu kujua."

"Si umeona?" Bwana Wakil akanigeukia. "Yashakwisha. Ukiweka alama tunalazimika kuzuia malipo mpaka wapatane. Utawakosesha mishahara wafanyakazi wa mama huyu. Ndo unachotaka?"

Hapo ndipo aliponishika, mshenzi yule, kwa sababu ni kweli. Malipo yangezuiwa. Nilimtazama Bi Mwatima.

"Bi Mwatima, nisipoweka alama, hela zinakwenda kwake kuanzia mwezi huu. Nikiiweka, haziendi kwa mtu."

"Na jina langu? Unaniandika mkurugenzi?"

Nilitamani niseme ndiyo. Nilitamani nimpe mstari mzima, kwa herufi kubwa.

"Siwezi. Naandika kwamba fomu inakutaja, na kwamba msajili anamtaja yeye tu. Mkurugenzi ni yule aliyeandikwa kwa msajili."

Thuwaini akatabasamu. Wallahi alitabasamu, na Bi Mwatima akamwona.

"Hizo karatasi n'lizoweka saini," aliniuliza, macho bado yako kwa shemegi yake, "ziko wapi?"

"Kwa msajili. Zimo kwenye jalada la kampuni. Mtu yeyote anaruhusiwa kuomba nakala, analipa ada tu."

Tabasamu likaondoka. "Shemegi," alisema Thuwaini, "tusifike huko. Marehemu atatuonaje?"

"Marehemu hukumwonea haya ulipokuja na bahasha."

"Bi Mwatima," akadakia Bwana Wakil, "fikiri wafanyakazi wako."

"N'shawafikiri. N'tauza bangili zangu niwalipe." Akalivuta buibui lake, akasimama nyuma ya kiti changu. "Andika, mwanangu. Weka na alama yako."

Niliandika. Kwa hasira nikakosea herufi, nikafuta. Yeye alikuwa akisoma juu ya bega langu.

"Jina lake liandike kamili," alisema. "La kwake, la baba yake na la babu yake. N'nataka likae vilevile nitakavyolitaja mahakamani."