Duka la Mama Rogath

Mama Rogath alitoka Newala akaingia ofisi ya kodi Masasi. Ritani yake ya kodi ilikuwa imekataliwa, na mwisho wa kuituma ni kesho. Huu ndio msimu wa salfa, dawa ya mikorosho anayouza dukani. Duka likifungwa sasa, amekwisha.

"Shikamoo mama," alisema Edson, afisa kijana.

Hakuitikia. Alimsukumia karatasi zake tu.

Edson akatazama kompyuta. "Kwenye TIN, namba yako ya mlipakodi, biashara inaitwa Duka la Mama Rogath. Kwenye akaunti ya benki inaitwa Brigita Pembejeo. Majina hayalingani, ndiyo maana ritani imekataliwa. Una biashara mbili?"

"Moja, mwanangu. Kwenye TIN nilitaja jina wanaloniita watu. Baadaye BRELA, wanaosajili majina ya biashara, wakasema lina mwenyewe, nikasajili kwa jina langu, Brigita, ndilo nikapeleka benki. Mtanifunga?"

"Kwa kuitwa mama wa mtu? Basi Newala nzima ihamie mahabusu." Akapokea cheti cha BRELA, kitambulisho cha NIDA na barua ya benki. "Cheti na benki vinakubaliana. Tunarekebisha jina kwenye TIN, namba inabaki ileile, halafu unatuma ritani upya."

Mama Rogath hakucheka. Jina lilipobadilika, walituma pamoja, naye akakodolea macho kioo cha kompyuta mpaka ritani ikapokelewa. Ndipo akavuta kiti, akakaa.

"Marahaba, baba," alisema.