Gazeti Kavu la Sytske

Nimechoka, tena nimechoka na kila mtu. Nikimaliza kukamua ng'ombe kuna ndama wa kunywesha, na nikimaliza ndama kuna baba mkwe wangu, Hidde, mkaidi kuwashinda wote. Juzi lori la maziwa lilirudi nyuma uani likamkanyaga paka mkia, basi nikaongezewa na paka.

Sytske alikuwa paka wa marehemu mama mkwe. Tangu mazishi, Hidde hana anayezungumza naye jioni ila huyo. Siku ile ile nilimwambia, "Baba, twende kwa daktari wa mifugo. Mkia unaning'inia tu, na nyuma anajiburuza."

"Wee! Paka wa zizini wanajitibu wenyewe. Tangu enzi za babu yangu, nani hapa amempeleka paka hospitali?"

Sikuwa na nguvu za kubishana.

Asubuhi yake alinipokea jikoni anachekelea, akanionyesha kikapu cha paka, kimetandikwa gazeti. "Tazama! Gazeti kavu, sakafu safi. Mgonjwa gani ana adabu hivi?" Kwetu sakafu ya jikoni ndiyo heshima ya nyumba, nami mjinga nikafurahi kwamba sina cha kudeki.

Jioni paka akatapika, akakataa hata samaki. Ndipo nikalikumbuka lile gazeti kavu.

"Baba, tangu ajali amekojoa wapi?"

"Si nimekwambia ni kukavu?"

"Na maji anakunywa! Yanaenda wapi?"

Hidde akaleta sanduku. Tulimlaza paka humo, amenyooka, tukaondoka na viatu vya zizini miguuni.

Daktari Femke alimgusa tumbo, akakunja uso. "Kibofu kimejaa, kigumu kama chungwa. Mishipa ya fahamu ya mkia na ya kibofu inatoka pamoja, chini ya mgongo. Mkia ulipokanyagwa naye akajivuta, yote iliumia. Mkojo ukikaa ndani, sumu inarudi kwenye damu, mwisho moyo unasimama."

"Lakini hakuchafua popote," Hidde akasema.

"Laiti angechafua, mzee wangu."

Walimtoa mkojo kwa mpira, wakampiga picha ya mifupa. Uti wa mgongo ulikuwa mzima. Kisha Femke akachukua koleo dogo. "Sasa tujue kama fahamu zimebaki. Kama shinani mwa mkia hasikii kitu, sina matumaini makubwa."

Akabana ncha. Kimya. Akabana katikati. Kimya. Hidde alinishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya, nikaogopa kwa niaba yake.

Femke akabana shinani. Sytske akageuka, akafoka, akamng'ata daktari kidole.

"Aisee!" Femke akacheka, damu inamtoka. "Huo ndio uzuri. Mkia huenda tukaukata, na kibofu mtamkamua wenyewe kila siku, pengine wiki kadhaa, mpaka aweze."

Nilifumba macho. Kukamua tena, Mungu wangu.

"Usimfundishe huyu, amechoka," Hidde akasema, akivua koti, machozi yanamshuka waziwazi. "Nifundishe mimi."