Digrii ya Fani Yoyote

Mzee Titus alipostaafu kama mkuu wa ofisi ya kampuni ya vifurushi ya Upesi Mizigo mjini Kakamega, hakuna mfanyakazi aliyeuliza ni nani angekalia kiti chake. Mideva ndiye aliyekuwa akiifungua ofisi ile kila asubuhi na kupanga vifurushi kulingana na magari. Wateja walipokuja wakifoka kwa sababu mzigo umepotea, yeye ndiye aliyewasikiliza hadi sauti zao zikashuka. Mzee Titus mwenyewe alimwambia mbele ya wote, "Binti yangu, mimi nimekuwanga jina tu hapa. Kazi ni yako."

Kisha tangazo likabandikwa mlangoni. Anatafutwa mkuu wa ofisi. Awe na digrii ya fani yoyote.

Mideva alisoma mpaka chini akarudi juu. Yeye alikuwa na cheti cha kidato cha nne, na alama nzuri ambazo hazikumfikisha popote kwa sababu mwaka ule baba yake aliugua na karo ikaishia hospitalini. Aliomba kazi hata hivyo. Jibu lilikuja kwenye simu kabla ya chai ya saa nne: samahani, hujatimiza masharti. Ombi lake halikuwa limesomwa na mtu. Kompyuta ya makao makuu Nairobi ilikuwa imeuliza swali moja tu, na yeye akawa amelijibu hapana.

Siku hiyohiyo Madam Jepkemboi, meneja wa eneo, alifika kutoka Eldoret. Mideva alimfuata hadi kwenye gari.

"Madam, nisaidie kuelewa. Mnataka digrii ya fani yoyote. Aliyesomea muziki anafaa. Aliyesomea wadudu anafaa. Sasa ni kitu gani ndani ya hiyo digrii kinachopakia lori?"

Jepkemboi hakukasirika. Alifunga mlango wa gari, akauegemea.

"Hakuna. Hicho kiti kimoja kimeombwa na watu mia kadhaa, na mimi siwajui. Kila mmoja ameandika kwamba ana bidii na ni mwaminifu. Mvivu naye ameandika hivyohivyo, maana kuandika ni bure. Lakini aliyekaa chuoni miaka minne, akavumilia migomo na mitihani na mambo yasiyompendeza mpaka akamaliza, huyo amenionyesha kitu ambacho mvivu angeshindwa kunionyesha. Sisomi alichofundishwa, Mideva. Nasoma kwamba alimaliza."

"Na mimi? Nimekaa hapa zaidi ya hiyo miaka minne."

"Mimi nakujua. Nairobi haikujui. Karatasi inasafiri, dadangu. Sifa zako zinaishia hapa kwa stendi."

Aliyepewa kiti aliitwa Weldon Kimutai, kijana mrefu mwenye digrii ya historia. Mideva aliambiwa amwonyeshe kazi. Alimwonyesha huku moyoni akiomba jamaa aanguke vibaya, mbele ya watu.

Weldon hakuanguka. Wiki ya kwanza alichanganya mizigo ya Butere na ya Bukura, akapanda pikipiki mwenyewe kwenda kuirekebisha. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa anajua magari yote na tabia za madereva wake. Alichelewa kutoka bila kuambiwa, na alichoahidi alikifanya. Jambo hili lilimuuma Mideva kuliko kama Weldon angekuwa mjinga, kwa maana hangeweza hata kumcheka.

"Historia inakusaidianga hapa?" alimuuliza mchana mmoja wakila mahindi ya kuchoma nyuma ya stoo.

Weldon alicheka. "Hata kidogo. Nilisoma mikataba ya wafalme waliokufa zamani. Lakini tulianza wengi, na wengi wakaachia njiani. Mimi nilikuwa siipendi, na nikamaliza." Akatupa gunzi. "Hiki kiti kilikuwa chako. Najua."

"Basi usinihurumie," Mideva alisema. "Karatasi yako haikudanganya. Ilisema wewe ni mtu wa kumaliza, na kweli unamaliza. Shida ni kwamba kwa kuwa mimi sina yangu, wanasoma kwamba siwezi. Hapo ndipo wanapokosea, na siwakubalii."

Habari zikafika nyumbani. Mama yake, huku akisonga obusuma, ugali wa jioni, alimwambia ashukuru Mungu kwa kazi aliyonayo. Khisa, waliyesoma naye darasa moja, alikuja na suluhisho. Siku hizi alikuwa wakala wa chuo fulani kilichokuwa juu ya duka la simu.

"Unakuja Jumamosi," alisema Khisa. "Unaandika kidogo. Kabla mwaka uishe unavaa joho na kupiga picha."

"Wangapi wanafeli?"

"Kwetu hakuna kufeli!" Khisa alisema kwa fahari.

Mideva alimgeukia. "Khisa, kama hakuna kufeli, hiyo karatasi itasema nini juu yangu? Itasema nilikuwa na Jumamosi."

"Lakini kompyuta itakupitisha."

"Halafu mtu ataisoma. Madam akiona jina la hicho chuo anaweka pembeni hata kabla ya kufika kwa jina la mwenyewe. Nimemwona akifanya hivyo. Mliwapa wote, sasa haimfai hata yule aliyesoma kwa bidii."

Khisa aliondoka amenuna. Mideva alibaki na maneno yake mwenyewe yakimzunguka kichwani. Kitu kinasema jambo juu ya mtu pale tu ambapo mtu mwingine, asiyefaa, angeogopa kukifanya. Miaka minne ya chuo ni kitu kama hicho. Lazima kuna kingine.

Kingine kilikuwa Malava. Ofisi ya huko, kaskazini kwenye barabara ya Webuye, ilikuwa aibu ya kampuni. Vifaranga walifika ndani ya maboksi na kufa juani wakingoja wenye mali, na vipuri vya posho mill, mashine za kusaga unga, vilikwenda kwa watu wa majina yanayofanana. Wakuu watatu walikuwa wamepita pale, wote na digrii, na kila mmoja aliomba kuhamishwa. Kampuni ilitaka kuifunga.

Mideva alipanda gari hadi Eldoret, akaketi mbele ya Jepkemboi bila miadi.

"Nipe Malava."

"Masharti ya digrii ni yaleyale kule."

"Sijaja kuomba uyasahau. Sikiliza. Mimi nimeajiriwa kabisa, na pensheni. Nitajiuzulu. Nipe mkataba wa miezi mitatu kama kaimu. Malalamiko yasipopungua nusu, naenda nyumbani. Sitaki kurudishwa Kakamega, wala kupewa muda wa ziada. Iandike hivyo."

Jepkemboi aliweka kalamu chini. "Unajua unachokiacha? Kazi ya kudumu, siku hizi zilivyo? Una mtoto shule."

"Najua. Ndiyo sababu naisema. Waite wote walioomba kazi ile, uwawekee mkataba huu mezani. Anayejishuku hatasaini. Mimi nasaini leo. Hiyo ndiyo digrii yangu, Madam. Isome."

Meneja alimtazama kama mtu anayepima uzito wa kitu kwa macho.

"Nikikubali na ukashindwa, na mimi nitaulizwa."

"Basi tutaulizwa wote wawili."

Mideva alisaini siku hiyo. Mama yake alilia aliposikia, akakataa kusema naye hadi Jumapili.

Malava ilimfanya ajute zaidi ya mara moja. Wiki za mwanzo malalamiko yaliongezeka, kwa maana watu walisikia kuna mtu anayesikiliza na wakaja na hasira zote za zamani. Mideva hakubadilisha mambo mengi. Aliwapigia simu wenye vifaranga kabla lori halijatoka Kakamega, ili wakute boksi linashuka. Alikataa mzigo wowote usio na namba ya simu ya mpokeaji, hata mwenye mzigo alipomtukana. Dereva mmoja aliyekuwa akishusha mizigo popote alipoona kivuli alimwambia, "Wewe ni kaimu tu," naye Mideva akamjibu, "Ndiyo, na kaimu huyu anangoja ushushe hapa." Akasimama katikati ya barabara ya kuingilia mpaka dereva akashusha.

Mkataba ulipoisha, malalamiko yalikuwa yamepungua zaidi ya nusu. Nairobi ilikataa kwanza: cheo hicho hakina nafasi ya mtu bila digrii. Jepkemboi alipigana nao kwenye simu mwezi mzima, na mwishowe ofisi ya Malava ikapata mkuu wa kudumu. Jepkemboi alimpigia kumpa habari, akamwonya papo hapo.

"Ukitoka kwa hii kampuni kesho, utaanza upya. Huko hawataiona Malava. Fikiria chuo, hata cha jioni."

"Huenda nikasoma," Mideva alisema. "Lakini nitasoma nikiwa mkuu wa ofisi. Sitasoma nikiwa nje ya mlango nikibisha."

Baadaye alihitaji karani. Aliandika tangazo mwenyewe na hakutaja digrii. Aliandika tu kwamba anayetaka kazi aje Jumatano asubuhi, tayari kufanya kazi.

Jumatano hiyo alifika akakuta foleni kutoka mlangoni hadi kwenye vibanda vya mboga, watu wa kila umri. Wengi walikuwa na bahasha za vyeti mikononi. Wengine hawakuwa na kitu. Alisimama pale na kwa mara ya kwanza alihisi alichohisi Jepkemboi: hakumjua hata mmoja wao, wote wangesema wana bidii, na lori la saa tatu lilikuwa njiani.

Simu ikalia. Weldon.

"Nimesikia umeita kaunti nzima," alisema akicheka. "Chagua wenye digrii kwanza. Utamaliza kabla ya chakula cha mchana, na utapata mtu mzuri."

"Najua nitapata mtu mzuri," Mideva alisema. Alikuwa ameshatupa macho kwenye bahasha. Ilikuwa rahisi mno. Hakuna ambaye angemlaumu, na kwa muda mfupi mkono wake ulitaka kunyooka na mdomo kusema, nyinyi wenye bahasha, huku. "Lakini kuna mtu katika hii foleni ambaye hiyo njia haitamwona. Naijua sura yake."

"Itakuchukua wiki nzima, dada. Na Madam atapiga kelele."

"Apige. Mimi ndiye niliyeandika tangazo."

Alikata simu. Akatoa meza nje, akavuta rundo la mizigo iliyochanganyika ya Webuye, Lugari na Kakamega, akaweka simu ya ofisi karibu, ile iliyokuwa ikipigwa na wateja wenye hasira. Wenye bahasha aliwaambia waziweke chini wasije wakazipoteza.

"Mtapanga hii mizigo, halafu mtapokea hii simu," alisema kwa sauti ya kufika nyuma. "Mmoja mmoja. Nitawatazama nyote, hata ikiwa mpaka Ijumaa. Atakayechoka kungoja aende salama. Nani wa kwanza?"

Mama mmoja mwenye kiatu kilichoshonwa kwa waya alitoka kwenye foleni, na nyuma yake kijana wa suti. Mideva akaviringisha mikono ya blauzi, akasogeza mzigo wa kwanza mbele.