Samahani Nne za Loveness

Kiwanda chetu kidogo cha kumenya kahawa, hapa Masama, kinasimamiwa na Loveness, binti mgeni asiye na ndugu huku. Jioni moja nilimkuta peke yake, akitoa buni mbichi, zisizoiva, kwenye mzigo tuliomletea sisi wakulima. Mzigo ukikataliwa tena na wanunuzi, angepoteza kazi.

"Niliwaandikia jana, bibi." Akanionyesha simu: "Samahani wazee wangu kwa usumbufu. Najua mmechoka, samahani. Kama itawezekana, kesho tulete nyekundu tu. Samahani, mashine ilichelewa kuwaka. Samahani tena."

"Ya mashine iache, pale tulisubiri kweli. Hizo nyingine, umetukosea nini?"

"Hakuna."

"Ndiyo maana tulidhani unatubembeleza tu, si agizo, mjukuu wangu."

Akaandika upya, akatutumia: "Shikamooni. Kesho leteni buni nyekundu tu, kabla ya saa tisa. Mzigo wenye mbichi utarudishwa. Samahani kwa mashine kuchelewa, imetengenezwa. Asanteni."

Kesho yake zikaja nyekundu tupu. Mzee Eliufoo, mkulima mwenzangu, akamtania, "Leo umekuwa mkali kama mama mkwe!"

Loveness alifungua mdomo kuomba radhi, akajizuia. "Karibu kwenye mzani, babu."

Wakulima walipoondoka alibaki peke yake tena. Nikaketi naye mpaka mashine ikanyamaza.